Mlima wa Umeme Jimu ya Berlin

Kwenye mashine ya kukimbilia katika jimu ya Berlin, kitufe cha `Schnellstart` huwasha mkanda moja kwa moja, bila maswali. Pembeni huwa kuna jozi mbili za alama ya kujumlisha na kutoa: `Geschwindigkeit` ni kasi, kwa kilomita kwa saa, na `Steigung` ni mwinuko.

Mwinuko ndio unaowachanganya wengi. Namba yake ni asilimia, si digrii. Ukiweka 5, kila mita 100 unazokwenda mbele zinakupandisha mita 5. Tembea nusu saa kwa kasi ya 6: umekwenda kilomita 3 na kupanda mita 150, ingawa hujatoka ulipo. Lakini ukining'inia kwenye vishikio vya mbele, hesabu hiyo haina maana, kwa sababu mikono inabeba sehemu ya uzito wako.

Ukichagua programu badala ya kuanza tu, mashine huuliza `Alter`, umri, na `Gewicht`, uzito kwa kilo. Usijibu ovyo. Programu ya milima hufuata vijimstari vya kioo: kirefu kikifika, mkanda unainuka wenyewe. Ile ya `Fettverbrennung`, kuchoma mafuta, mara nyingi hufuata mapigo ya moyo yanayokadiriwa kwa umri. Ukiandika 25 ilhali una 50, itaendelea kukuongezea mlima huku pumzi zimekwisha. Hapo punguza `Steigung` kwanza, au bonyeza kitufe chekundu cha `STOP`.