Grafu iliyofika kwa simu: kusoma mteremko bila kudanganywa na picha

Mwanafunzi wa Takaungu, kwenye mkono wa bahari kusini ya mji wa Kilifi, husoma hisabati ya sekondari kwa Kiingereza na kuizungumza nyumbani kwa Kiswahili. Akikwama kwenye somo la mistari iliyonyooka, njia ya karibu ni kupiga picha ukurasa wa kitabu na kumtumia mjomba au dada aliye Mombasa. Picha hufika imepinda kidogo, upande mmoja una kivuli, na maelezo yote ni ya Kiingereza. Hata hivyo ukurasa huo unasomeka, mradi mtu ajue picha imeharibu nini na imeacha nini salama.

Tuchukue mfano. Chini ya grafu pameandikwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: kina cha maji ndani ya tangi kadiri muda unavyopita, pampu ikivuta kwa kasi isiyobadilika. Kwenye mhimili wa wima pana neno la kina na alama `cm`. Kwenye mhimili wa ulalo pana neno la muda na alama `min`. Hiyo `min` ni dakika. Wapo wanaoidhania kuwa ni kiwango cha chini kabisa, kwa kuwa kikokotoo na vitabu hukifupisha hivyo hivyo, na hapo jibu zima hupotea kabla hesabu haijaanza. Kwa hiyo vipimo vitafsiriwe kwanza, maneno marefu baadaye.

Mstari wenyewe unashuka kutoka kushoto kwenda kulia. Usiupimie rula wala kipima-pembe juu ya kioo cha simu. Simu ikishikwa kimshazari, pembe hubadilika na miraba ya grafu huwa mifinyu upande mmoja. Na hata picha ingekuwa sawasawa, pembe isingekupa mteremko, maana sentimita moja ya karatasi inaweza kusimamia dakika 10 huku na kina cha sentimita 20 kule. Kilichobaki salama ni makutano: pale mstari unapopita juu ya msalaba wa mistari ya gridi, utapita hapo hapo picha ikiinama vyovyote. Fuata gridi kwa kidole hadi kwenye namba za mhimili, hata kama gridi yenyewe imejikunja karibu na mshono wa kitabu.

Tunapata misalaba miwili iliyo wazi: dakika 10 na kina 130, kisha dakika 40 na kina 70. Kina kimepungua 60 katika dakika 30, kwa hiyo mteremko ni −60 ÷ 30, yaani −2. Alama ya kutoa inasema maji yanashuka, na 2 ni sentimita kwa kila dakika. Nimechagua nukta zilizo mbali kwa makusudi. Jicho likikosea sentimita 2 kwenye nukta moja, kosa hilo hugawanywa kwa dakika 30 na karibu halionekani. Nukta zingekuwa zimeachana dakika 5 tu, kosa lile lile lingeufanya mteremko uwe −1.6 au −2.4.

Rudi nyuma dakika 10 kutoka nukta ya kwanza: kina kilikuwa 130 + 20, yaani 150. Hapo ndipo mstari unapokata mhimili wa wima, nacho ni kina cha maji pampu ilipowashwa. Sasa mstari mzima unaandikika:

```
y = -2x + 150
```

Jaribu kwa nukta ya tatu. Dakika ya 25 inatoa 100, na mstari pichani unapita hapo. Usingepita, mojawapo ya nukta hizo tatu ingekuwa imesomwa vibaya.

Mtego mkubwa uko chini. Pichani mstari unagusa mhimili wa ulalo kwenye dakika ya 50, na mwanafunzi ataandika kwamba tangi linakauka wakati huo. Tazama tena namba za wima: zinaanzia 50, si 0, na kitabu kimeweka kijialama cha kuvunjika kwenye kona ambacho picha yenye kivuli hukificha upesi. Dakika ya 50 maji bado ni sentimita 50. Kina kinafika 0 pale 2x inapokuwa 150, yaani dakika ya 75.

Hiyo 75 tumeipata kwa kuurefusha mstari nje ya kilichochorwa. Tunaruhusiwa kwa sababu maelezo yamesema pampu ina kasi moja, mradi tangi liwe na kuta zilizosimama wima. Maji yangetoka yenyewe kwa bomba la chini, kasi ingepungua kadiri kina kinavyopungua, na mchoro ungepinda. Ndiyo maana sentensi ile ya chini ya grafu ni sehemu ya hesabu.

Basi unapopiga picha ya kutuma, usikate kingo. Acha namba za mihimili yote miwili, kona ya chini kushoto na maelezo ya chini yaonekane, hata kama mstari wenyewe utakuwa mdogo.