Mteja Ajue Kabla Tarehe Haijafika

Fundi seremala ameahidi makabati ya jiko ya mninga tarehe 30. Tarehe 12 mbao zinafika karakana, na kipima unyevu kinasoma asilimia 22. Kwa kazi ya ndani ya nyumba zinatakiwa ziwe karibu asilimia 12. Akizichonga hivyo hivyo zitasinyaa zikiwa ukutani, milango ipinde na viungo viachie.

Simu ipigwe siku hiyohiyo. Wengi hunyamaza, na mteja anakuja kujua tarehe 29, ameshalipia gari la kuhamisha vyombo. Hapo hana tena la kuchagua, na naona hilo linauma kuliko kuchelewa kwenyewe.

Baada ya simu, aandike ili pasiwe na kubishana baadaye:

“Shikamoo mama. Mbao zimekuja mbichi, nikizitumia milango itapinda. Nazipeleka kwenye tanuru la kukaushia. Makabati yatakamilika tarehe 14 mwezi ujao. Ukitaka kuhamia tarehe ileile, nitakufungia kwanza fremu kwa mbao kavu nilizonazo, milango ifuate. Au tutumie MDF: tarehe haibadiliki na bei inashuka, ila karibu na sinki haivumilii maji. Naomba jibu kabla ya Ijumaa.”

Tarehe 14 isiwe ya kubahatisha. Fundi amuulize kwanza mwenye tanuru, kisha aongeze siku chache za akiba, maana mteja aliyesamehe mara moja ni vigumu kuamini ahirisho la pili. Na asinunue MDF mpaka mama ajibu.