Kukosa Pumzi Ukilala Baada ya Kujifungua

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 29 kutoka Buzebazeba, wiki sita baada ya kujifungua. Miguu imevimba, na usiku analalia mito mitatu kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Nyumbani wanasema ni uchovu wa uzazi. Lakini uchovu wa uzazi haumzuii mtu kulala chali.

Anapofikishwa hospitali ya Maweni, muuguzi anahesabu pumzi 32 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20. Mapigo ya moyo ni 118, mishipa ya shingo imetuna, na mguu ukibonyezwa kwa kidole shimo linabaki. Uzito ni kilo 64. Kipimo cha ultrasaundi ya moyo kinaonyesha misuli ya moyo imelegea. Hali hii huweza kutokea mwezi wa mwisho wa ujauzito au miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua.

Moyo uliolegea hausukumi damu yote inayoufikia, kwa hiyo damu inarundikana nyuma yake. Ikirundikana upande wa mapafu, maji huvujia humo. Mtu akilala, damu ya miguuni hurudi kifuani na kuuzidishia moyo mzigo. Ndiyo maana ya ile mito mitatu. Figo nazo zikipata damu kidogo hudhani mwili umekaukiwa, zikazuia maji na chumvi. Uvimbe unaongezeka.

Mpango wa muuguzi unafuata njia hiyohiyo. Anamkalisha mgonjwa akiegemea, anampa oksijeni, kisha furosemidi, dawa ya kutoa maji, kama daktari alivyoagiza. Mkojo unapimwa, na kila asubuhi mgonjwa anapanda mizani. Siku ya nne ana kilo 60.5. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo zimetoka kama lita tatu na nusu. Sasa analalia mto mmoja.

Hapa ndipo wengi hukosea: uvimbe ukiisha, wanaacha dawa. Uvimbe umeisha kwa sababu ya dawa. Moyo bado ni dhaifu.

Nyumbani, apimwe uzito asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, arudi hospitali hata kama hajavimba. Pasipo na mizani, hesabuni mito. Ukihitajika mto wa ziada, arudi. Akikosa pumzi akiwa amekaa, apelekwe saa hiyohiyo.

Chumvi ipunguzwe sana, kwa kuwa huvuta maji. Dagaa na migebuka wabichi wanafaa. Waliotiwa chumvi kabla ya kukaushwa waachwe.

Kabla ya kuruhusiwa, yeye na mumewe wazungumze na daktari kuhusu uzazi wa mpango, maana mimba nyingine inaweza kuudhoofisha moyo tena, na baadhi ya dawa za moyo humdhuru mtoto tumboni. Wasichague njia wenyewe dukani. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda.