Saa za Majaribio Zikikatwa, Hatari Inabaki

Timu ya programu ina sprinti ya wiki mbili kuongeza malipo ya simu kwenye duka la mtandaoni. Mjaribu anaivunja kazi yake vipande: kuandaa akaunti na data, saa 5, hali 40 za kujaribu kwa dakika 15 kila moja, saa 10, kurudia zilizofeli baada ya marekebisho, saa 5, kuhakikisha sehemu za zamani hazijaharibika, saa 6. Jumla saa 26.

Meneja anataka 18. Mjaribu asigombanie namba, aonyeshe kinachoachwa: "Sehemu za zamani hazitaguswa, saa 6. Hali 8 za mtandao kukatika baada ya mteja kuweka namba ya siri, saa 2. Hizo zikiwa na hitilafu, mteja anaweza kukatwa pesa mara mbili."

Sasa meneja anapima madhara. Huenda akarudisha zile saa 2, akaacha ukaguzi wa sehemu za zamani, na uamuzi huo uandikwe pamoja na jina la aliyeukubali. Hata saa 26 zote hazithibitishi kwamba hitilafu zimekwisha. Zinaonyesha tu palipokaguliwa.