Loyverse Dukani: Mwongozo wa Muuzaji, Skrini kwa Skrini

Duka la bidhaa mchanganyiko linapoacha daftari na kuanza kutumia Loyverse, muuzaji mpya kwa kawaida hufundishwa mambo mawili tu: gusa bidhaa, pokea hela. Mauzo yataingia, lakini baada ya wiki chache simu itasema stoo ina pakiti 40 za maziwa ilhali kwenye shelfu ziko chache. Programu haina macho ya kuona shelfu. Inajumlisha mzigo ulioandikwa kuwa umeingia na kutoa ulioandikwa kuwa umetoka, basi. Kwa hiyo kila skrini ina swali lake kwa muuzaji: hapa namba ya stoo inapanda, inashuka, au haiguswi?

Tuifuate bidhaa moja kwa siku nzima: maziwa ya pakiti ya nusu lita, yanayofika kwa katoni ya pakiti 12.

Items: kadi ya bidhaa

Ukigusa mistari mitatu iliyo juu kushoto, menyu inafunguka. Humo kuna Items, orodha ya bidhaa zote, na kila bidhaa ina kadi yake: jina, bei ya kuuzia (Price), bei ya kununulia (Cost) na idadi iliyopo (In stock). Idadi haitafuatiliwa mpaka Track stock iwe imewashwa. Bila hiyo utauza mwaka mzima na stoo isipungue hata pakiti moja.

Makosa mengi huzaliwa kwenye kipimo. Chagua kipimo kidogo kabisa unachomuuzia mteja, kisha kila namba kwenye kadi ifuate kipimo hicho. Maziwa yanauzwa kwa pakiti, basi yahesabiwe kwa pakiti. Katoni ikinunuliwa kwa shilingi 14,400, Cost ni 1,200, na kama Price ni 1,500, faida ya pakiti ni 300. Atakayeandika bei ya katoni kwenye Cost ataiona ripoti ikidai kwamba kila pakiti imeuzwa kwa hasara ya 12,900.

Bidhaa ya kupima kama sukari ya kilo huwekwa upande wa uzito badala ya Each, ili nusu kilo iandikwe 0.5.

Asubuhi yetu inaanza na pakiti 30. Zinashushwa katoni 4, yaani pakiti 48, na stoo inapaswa kusoma 78. Muuzaji aliyeandika 4 ataona 34. Mchana, baada ya kuuza 40, simu itamwonyesha -6. Loyverse haizuii mauzo kwa sababu tu stoo imefika sifuri, na alama hiyo ya kutoa ni dalili kwamba kuna mzigo uliingia dukani bila kuingia kwenye simu, au uliingia kwa kipimo kisicho sahihi. Dawa yake ni kurudi kwenye ankara ya mzigo. Ukiandika namba yoyote ili alama iondoke, umefuta ushahidi.

Sales: mahali stoo inaposhuka

Hii ndiyo skrini utakayoikalia kutwa. Unagusa bidhaa, unaitafuta kwa jina, au unaelekeza kamera kwenye msimbo pau, nayo inaingia kwenye tiketi ya mteja. Mteja wa pakiti tano hana haja ya kugusiwa mara tano. Gusa mstari wa bidhaa ndani ya tiketi, ubadilishe idadi. Kisha gusa CHARGE na uchague namna alivyolipa.

Kitufe cha SAVE ndicho cha kuangalia sana. Kinahifadhi tiketi ambayo haijalipwa, kwa mfano mteja amekwenda kutoa hela kwa wakala na mzigo wake uko kaunta. Tiketi ya namna hiyo haipunguzi stoo. Mama lishe akichukua pakiti 6 kwa mkopo na wewe ukagusa SAVE, simu inabaki 38 huku kwenye shelfu zimebaki 32. Mwenye duka amwekee muuzaji njia ya malipo inayoitwa Mkopo, pamoja na zile za pesa za simu. Muuzaji atagusa CHARGE, atachagua Mkopo, stoo itashuka hadi 32, na deni litaonekana peke yake kwenye ripoti bila kuchanganyika na fedha taslimu.

Receipts: mzigo unaporudi

Mteja amerudisha pakiti 2 zilizovimba. Usimpe hela kutoka kwenye droo kimyakimya. Fungua Receipts, tafuta risiti yake, gusa REFUND, chagua maziwa na idadi 2. Hela inahesabiwa kuwa imetoka na stoo inapanda hadi 34.

Lakini pakiti hizo haziuziki. Zisipoondolewa, kesho simu itaahidi maziwa yasiyokuwepo. Mwambie msimamizi azipunguze upande wa Back Office. Duka linalolipia huduma ya ziada ya stoo huzitoa kwa sababu ya Damage, na lisilolipia hurekebisha In stock kwenye kadi na kuandika sababu daftarini. Stoo inarudi 32.

Shift: hela za zamu

Ukifungua zamu, andika chenji uliyoikuta kwenye droo. Ukimlipa mwenye mkokoteni kutoka droo hiyo, ingiza PAY OUT. Jioni programu itapiga hesabu: chenji 50,000, ongeza mauzo ya taslimu 186,000, toa marejesho 3,000, toa mkokoteni 8,000, zinatakiwa 225,000. Hesabu hela kwanza kwa mkono, ndipo uandike ulichokikuta, hata kama ni 222,000. Ukiona upungufu wa 3,000 sawasawa, na pakiti ni 1,500, anza kwa kuuliza kama kuna pakiti mbili zilizoingizwa kama taslimu kumbe mteja alilipa kwa simu.

Mtandao ukikatika

Mauzo yanaendelea na kuhifadhiwa kwenye kifaa, kisha yanapanda mtandao ukirudi. Hadi hapo, vifaa viwili vya duka moja vitaonyesha idadi tofauti, kwa hiyo usihesabu stoo wakati huo, wala usiifute programu kwenye simu. Pia, risiti ya Loyverse haichukui nafasi ya risiti ya EFD.

Kuisoma tofauti

Hesabu shelfu kabla ya kufungua duka, bidhaa chache kila siku, na uandike ulichokiona kabla ya kuangalia simu. Tofauti ikijitokeza, itazame inaelekea wapi. Simu ikiwa na nyingi kuliko shelfu, mzigo umetoka bila CHARGE: mkopo wa SAVE, vilivyoharibika, vilivyoliwa nyumbani au vilivyoibwa. Simu ikiwa na chache, mzigo umeingia bila kuandikwa vizuri. Kwa maziwa yetu, upungufu wa 44 unajieleza: kila katoni iliyoandikwa kama pakiti moja inaficha pakiti 11, na katoni zilikuwa 4.

Bidhaa mbili zinazofanana, moja ikizidi 7 na nyingine ikipungua 7, si wizi. Kuna mtu anagusa maziwa ya robo lita anapouza ya nusu lita. Hapo badilisha majina kwenye kadi, kipimo kitangulie: "Nusu lita maziwa", "Robo lita maziwa". Kwenye kioo kidogo cha simu mwisho wa jina hukatwa, na muuzaji mwenye haraka husoma maneno ya mwanzo tu.