Ukiridhika waambie wengine

Hoteli nyingi za chakula zina kibao ukutani: ukiridhika waambie wengine, usiporidhika tuambie sisi. Ni maneno ya adabu kabisa. Lakini muuzaji wa Amazon akimwandikia mnunuzi hivyo, amevunja kanuni. Huko hairuhusiwi kuwachuja wateja, aliyefurahi apelekwe kwenye nyota na mwenye lalamiko avutwe faraghani, kwa sababu msomaji wa maoni ataona sifa tupu.

Tumchukulie Mswahili anayeishi Marekani na kuuza vikapu vya ukili kwenye soko hilo. Kikapu kimemfikia mnunuzi tarehe 3 Juni. Kitufe cha "Request a Review", kilicho kwenye ukurasa wa oda, hufanya kazi kuanzia siku ya 5 hadi ya 30 baada ya mzigo kufika, yaani kuanzia tarehe 8 Juni hadi 3 Julai. Akikibonyeza, Amazon yenyewe hutuma ombi kwa maneno yake na kwa lugha ya mnunuzi. Mimi ningengoja kama siku kumi. Kikapu hakijulikani siku kinapofunguliwa. Hujulikana kikishabeba viazi mara mbili tatu na mishikio ikavutwa.

Anaweza pia kuandika mwenyewe kupitia mfumo wa ujumbe wa Amazon, lakini achague njia moja, maana oda moja huombewa maoni mara moja tu. Ujumbe ubebe namba ya oda yenye tarakimu 17, usiwe na viungo vya kwenda nje wala vikatuni vya kucheka. Maana yake iwe hivi:

"Habari. Kikapu ulichoagiza kilifika tarehe 3 Juni. Tutashukuru ukiandika maoni yako kukihusu, kwa jinsi ulivyokiona. Asante kwa kununua kwetu."

Angalia kisichokuwemo. Hakuna "kama umekipenda", hakuna "nyota tano". Hakuna ahadi ya kadi ya dola 5 pia: tangu 2016 Amazon imepiga marufuku muuzaji kutoa zawadi kwa ajili ya maoni, hata akisema mtu aandike lolote. Na ile sentensi ya "sisi ni familia ndogo, maoni yako ndiyo yanatulisha" ningeifuta bila kufikiri. Mnunuzi akiisoma, anayepaswa kupimwa si kikapu tena, ni huruma yake.

Ikiwa mnunuzi alishaandika kwamba mshikio umekatika, lishughulikie hilo kwanza, umrudishie pesa au umtumie kingine. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa kumwambia, "Tumekurudishia pesa, basi ondoa ile nyota moja." Kumwomba mteja abadilishe au afute maoni yake nako ni marufuku, hata kwa lugha tamu.

Asipojibu ombi la kwanza, hakuna la pili.