Baridi Inapoficha Chembe za Damu

Tuchukue mfano wa kipimo cha damu kinachoonyesha himoglobini gramu 10.2 kwa desilita, lakini chembe nyekundu ni milioni 1.5 tu kwa kila maikrolita. Ujazo wa chembe ni asilimia 18.8. Kwa kawaida asilimia hiyo hukaribia himoglobini mara tatu, yaani 30 hivi.

Kosa linatokana na baridi. Kingamwili fulani hugandamanisha chembe damu inapopoa, na mashine huhesabu kishada kizima kama chembe moja kubwa. Himoglobini husalimika, kwa kuwa chembe hupasuliwa kabla ya kuipima.

Mtaalamu makini huipasha sampuli moto kwa nyuzijoto 37, kisha huipima upesi: chembe milioni 3.4, ujazo asilimia 30.6. Hitilafu ikibaki, hutazama utegili. Ukiwa mweupe kama maziwa, mafuta ndiyo yaliyopandisha himoglobini.